Aliyekutafutia kazi mwaka jana anapokuandikia tena

"Jambo Mama. Ni mimi wa ile kabine iliyokupeleka pale unapotumika sasa, mwaka jana mwezi wa saba. Natumaini wewe na watoto muko wazima. Naona katika dosye yako kwamba kontra inaisha tarehe 30 ya mwezi wa sita. Kama hawajakuongezea, kuna nafasi ya msimamizi wa hesabu huko Goma, katika kazi za afya kama hizo unazofanya. Kuanza ni tarehe 15 ya mwezi wa sita, kontra ya miaka miwili, mshahara kati ya dola 900 na 1,100 kabla ya kukatwa. Je, mambo yako yamebadilika? Ukitaka tuongee, uniambie saa inayokufaa. Sivi yako sitaituma mahali popote kabla hujaniambia ndiyo."

Ujumbe huu uliingia kwa WhatsApp katikati ya mwezi wa tano, katika telefone ya mama mmoja wa kwetu Nyalukemba. Ni komptabli katika mradi wa afya, ana watoto watatu, na mume wake ni mwalimu kama sisi. Ametukubalia tuuandike hapa bila jina lake na bila jina la ofisi. Alipousoma mbele ya wamama wa kikundi, mmoja alisema huyo ni mwizi wa mtandao, afutwe. Mwingine alisema ni Mungu amejibu, ajibu "ndiyo" usiku huohuo. Wa tatu alisema anyamaze tu, kwa sababu Bukavu ni mji mdogo na bosi atasikia. Kila mmoja alikuwa na sababu yake, lakini hakuna hata mmoja aliyeuliza swali linalotangulia: mbona mtu huyu anaandika sasa, na siyo miezi sita iliyopita?

Kwanza tujue huyu mtu ni nani. Mtafutaji wa wafanyakazi (Wafaransa wanamwita mwindaji wa vichwa, jina ambalo hapa kwetu lingewakimbiza watu mbio) halipwi na anayetafuta kazi. Analipwa na mwajiri. Shirika au kampuni linampa kazi ya kumtafutia mtu wa aina fulani, naye anatafuta katika dosye zake, anapiga telefone, anawahoji watu, na mwisho anapeleka majina matatu au manne. Malipo yake mara nyingi yanahesabiwa kwa sehemu ya mshahara wa mwaka wa kwanza wa yule aliyechukuliwa. Asilimia 20 ni jambo la kawaida, na kwa vyeo vikubwa inafika asilimia 30 na zaidi.

Tuifanye hesabu hiyo kwa nafasi ya Goma. Mshahara wa dola 1,000 kwa mwezi ni dola 12,000 kwa mwaka, na asilimia 20 yake ni dola 2,400. Mwajiri ndiye anayezitoa. Kwa hiyo mtu anayengojea dola 2,400 toka kwa mwajiri hana haja na dola 30 zako za "kufungua dosye". Akikuomba pesa kwa M-Pesa au Airtel Money, hata kama anaita pesa za daktari au za kusafisha majina, ujue siyo mtafutaji. Mkataba namba 181 wa Shirika la Kazi la Kimataifa, wa mwaka 1997, unasema waziwazi kwamba mawakala hawa wasimtoze mfanyakazi, wala moja kwa moja wala kwa njia ya kuzunguka.

Lakini hesabu hiyohiyo inafundisha jambo la pili, ambalo wamama wengi hawapendi kulisikia. Mtafutaji siyo mjomba wako. Ukisema ndiyo, analipwa; ukisema hapana, halipwi. Mtu aliyekwisha kumhoji na kumweka mahali anamgharimu kazi ndogo kuliko mtu mpya, ndiyo maana anaanza kwa dosye za zamani. Anaweza kuwa mtu mwema na mkweli kabisa, na bado maneno yake yakawa yanakusukuma upande mmoja. Tumsikilize tukilijua hilo.

Sasa turudi kwa swali letu. Mama yetu alituambia kwamba mwaka jana, alipoanza kazi, mtafutaji alimpigia telefone baada ya wiki moja, kisha tena baada ya miezi miwili, akimuuliza kama mambo yanaenda. Halafu akanyamaza kabisa. Mama alifikiri amesahauliwa, tena aliumia kidogo. Hakusahauliwa. Katika makubaliano kati ya mtafutaji na mwajiri, kwa kawaida kuna muda wa dhamana, mara nyingi miezi mitatu, wakati mwingine sita. Mfanyakazi akiondoka ndani ya muda huo, mtafutaji anatafuta mwingine bila kulipwa tena, au anarudisha sehemu ya pesa. Zile simu mbili zilikuwa ni kazi ya dhamana. Muda ulipoisha, simu nazo ziliisha.

Na kuna sababu kubwa zaidi ya kunyamaza. Katika kazi hii kuna adabu moja ambayo wazuri wote wanaishika: mtu uliyemweka wewe mwenyewe katika nyumba ya mteja wako, humtoi humo. Mwajiri amekulipa ili umletee mtu. Ukimchukua mtu huyohuyo na kumuuza kwa mwingine, ni kama kumuuzia jirani kuku asubuhi na kumwita kuku huyo jioni kwa mahindi. Mara nyingi jambo hilo linaandikwa katika makubaliano yao, na hata lisipoandikwa, mtafutaji anayelivunja hapati kazi tena kwa mteja yule.

Basi ujumbe unaokuja mwaka mmoja baadaye unapimwa kwanza hapo. Angalia tena ule wa mama yetu. Mtafutaji hakusema "acha kazi uje". Alisema kontra inaisha tarehe 30 ya mwezi wa sita, na "kama hawajakuongezea". Tarehe hiyo aliijua kwa sababu ni yeye aliyeandika dosye. Alingoja mpaka mlango uwe karibu kufunguka wenyewe, ndipo akabisha. Huo ni ujumbe wa mtu anayejua kazi yake. Kama angekuandikia katikati ya kontra akikuhimiza uondoke, ungepaswa kujiuliza: mtu anayemfanyia hivyo mteja wake wa jana atanifanyia mimi nini kesho?

Yapo maneno mengine mawili katika ujumbe ule tunayoyasifu. La kwanza, ametaja mahali, tarehe, muda wa kontra na mshahara bila kuombwa. Ujumbe unaosema tu "nafasi nzuri sana, mshahara wa kuvutia, jibu haraka" haukupi kitu cha kupima. La pili, amesema hatatuma sivi mpaka aambiwe ndiyo. Sivi iliyo katika dosye yake ni ya mwaka jana, na kuituma bila ruhusa ni hatari mara mbili. Inakuonyesha kama ulivyokuwa zamani, na inaweza kuangukia mikononi mwa mtu anayekunywa chai na bosi wako huko Muhumba. Yule mama wa tatu aliyeogopa bosi atasikia hakukosea. Dawa yake ni kuweka sharti hilo kwa maandishi, kisha kujibu kwa telefone yako mwenyewe na siyo kwa barua pepe ya ofisi.

Na yule aliyesema ni mwizi? Naye tumpe haki yake, kwa sababu wezi wanajua kusoma. Mtu akijionyesha mtandaoni kwamba amepata kazi mahali fulani kwa mkono wa kabine fulani, mwizi anaweza kuandika ujumbe unaofanana sana na huu. Mama yetu alifanya jambo jepesi. Hakupiga namba iliyomwandikia. Alitafuta ile namba ya mwaka jana katika telefone yake ya zamani, akaipiga, akauliza: "Papa, ni wewe umeniandikia? Siku ya mahojiano yangu nilichelewa kwa sababu gani?" Yule bwana alicheka, akasema ilikuwa mvua na udongo uliofunga barabara. Namba ilikuwa imebadilika tu. Swali la namna hiyo, ambalo jibu lake halipatikani popote isipokuwa kichwani mwa watu wawili, ni bora kuliko kuangalia picha au mhuri wa karatasi.

Sasa tarehe. Kazi ya Goma inaanza tarehe 15 ya mwezi wa sita, kontra yake ya Bukavu inaisha tarehe 30. Siku kumi na tano tu. Mtu anaona ni kitu kidogo, ataomba ruhusa, ataondoka. Hapa ndipo wengi wanapoumia, kwa sababu hawajui wamesaini kontra ya aina gani.

Sheria ya kazi ya nchi yetu, namba 015/2002 ya tarehe 16 Oktoba 2002, inatenga kontra yenye mwisho na kontra isiyo na mwisho. Isiyo na mwisho, mfanyakazi anaweza kuiacha kwa kuaga mapema. Mwajiri anayemwondoa mtu anampa siku zisizopungua 14 za kazi, na kuongeza siku 7 kwa kila mwaka mzima aliotumika. Mfanyakazi anayeondoka mwenyewe anadaiwa nusu ya hizo. Kwa mtu wa mwaka mmoja, mwajiri angetoa siku 21. Mfanyakazi anaaga siku kumi na nusu, tuseme 11. Mama mwenye kontra ya namna hiyo angeweza kuanza Goma tarehe 15 bila shida, akiaga kwa barua mwanzoni mwa mwezi.

Lakini kontra ya mama yetu ni yenye mwisho. Hiyo inaisha siku yake. Kabla ya siku hiyo inavunjika kwa kosa kubwa la mmoja wao, au kwa pande mbili kukubaliana. Anayeivunja peke yake anaweza kudaiwa fidia mbele ya wakaguzi wa kazi au mahakamani. Hakuna "kuaga kwa siku 11" hapo. Kwa hiyo jibu lake kwa tarehe 15 lilikuwa moja tu: ninaanza tarehe 1 ya mwezi wa saba, au mwajiri wangu anikubalie kwa maandishi niondoke mapema. Alichagua la kwanza. Mtafutaji alikunja uso kidogo, anasema mama, lakini siku mbili baadaye alirudi na jibu: Goma wanangoja. Mwajiri aliyekwisha kumpa mtafutaji kazi na kusoma sivi hamwachi mtu kwa sababu ya wiki mbili, isipokuwa kama ana mwingine aliye sawa naye. Hilo hutokea pia, na ni lazima mtu awe tayari kulipokea.

Jambo la pili la kontra lilitugusa zaidi, kwa kuwa linawahusu wamama moja kwa moja. Goma walitoa kontra ya miaka miwili. Sheria inakubali kontra yenye mwisho ifike miaka miwili, lakini kwa watu fulani inaifupisha iwe mwaka mmoja: aliyeoa au kuolewa akitenganishwa na familia yake, na vilevile mjane au aliyeachana akitenganishwa na watoto anaowalea. Maana yake ni kwamba mwajiri asimfunge mama ng'ambo ya ziwa miaka miwili, watoto wakiwa hapa Nyalukemba. Wamama wengi hawajui kifungu hicho, na tuseme kweli, waajiri nao hawakikumbuki mpaka wakumbushwe. Mama alimwambia mtafutaji, mtafutaji akamwambia mwajiri, na karatasi ilibadilishwa ikawa mwaka mmoja. Hakuna aliyekasirika. Kumpitishia mtafutaji mambo ya namna hii ni faida yake moja ya kweli. Yeye anaweza kuuliza bila wewe kuonekana mgomvi kabla hata ya siku ya kwanza.

Halafu pesa. Mama alifurahi kuona 900 hadi 1,100, kwa sababu hapa Bukavu anapokea dola 640 mkononi. Lakini 640 ni mkononi, na 900 ni kabla ya kukatwa. Katika mshahara mzima, mfanyakazi anakatwa asilimia 5 ya CNSS, kisha kodi ya mshahara, inayopanda kwa kadiri mshahara unavyopanda na kupungua kidogo kwa watu anaowalisha. Alimwomba mtafutaji amuulizie mwajiri: dola 950, ambazo ndizo walizotaja kwanza, ni ngapi mkononi? Jibu lilikuja: karibu 750. Zile dola 310 za furaha zimekuwa 110.

Akachukua daftari. Chumba Goma dola 150. Chakula cha mtu mmoja anayekaa peke yake, 120. Kuvuka ziwa kwenda na kurudi kuona watoto, na vitu vidogo vya njiani, 100. Jumla 370 kila mwezi, ambazo hapa nyumbani hazitoki, maana nyumba ni moja na sufuria ni moja. Nyongeza ni 110, matumizi ni 370. Kila mwezi angerudi nyuma kwa dola 260, na kila mtu mtaani angesema amepanda cheo.

Sheria hiyohiyo ya kazi inasema mtu anayechukuliwa kutumika nje ya mahali pake apewe nyumba ya kufaa, yeye na familia yake, au pesa za nyumba. Ujumbe wa mtafutaji haukutaja nyumba. Mama aliuliza. Goma walikubali dola 200 za nyumba na nauli ya kuhamia. Akaomba pia mshahara uwe 1,050 badala ya 950, kwa kuwa uko ndani ya kiasi walichotaja wenyewe. Walikubali, mkononi ni karibu 820. Sasa nyongeza ni 180, na 200 za nyumba, yaani 380. Matumizi ni 370. Amebaki na dola 10.

Mmoja wetu aliuliza, basi anakwenda kwa ajili ya dola 10? Hapana. Hesabu hiyo ililinganisha Goma na kazi ya sasa kana kwamba kazi ya sasa itaendelea. Tangu Januari 2025, pesa za Amerika ziliposimamishwa, miradi mingi ya afya na ya misaada katika Kivu imefunga au imepunguza watu. Mradi wake haukufa, lakini hakuna aliyekuwa amemwambia neno juu ya mwezi wa saba. Kwa hiyo kabla ya kumjibu mtafutaji kwa mara ya mwisho, alimwendea msimamizi wake na kuuliza tu, kama mfanyakazi yeyote mwenye haki ya kuuliza: kontra yangu inaisha tarehe 30, kuna mpango gani? Hakutaja Goma. Hakupaswa kuitaja, na sisi tunaona alifanya vema, kwa sababu kazi isiyosainiwa bado si kazi. Msimamizi alisema labda miezi sita, wakipata kibali, lakini hawezi kuandika. Aliomba jibu la maandishi kabla ya mwisho wa mwezi wa tano. Halikuja.

Pale ulinganisho ulibadilika. Siyo tena 640 dhidi ya 820. Ni "labda" dhidi ya karatasi. Na mume wake alikuwa amekwisha kusema kwamba watoto wamalize mwaka wa shule hapa, halafu mwezi wa tisa waanze Goma pamoja na mama yao, yeye akiomba kuhamishwa. Wakifika, zile pesa za kuvuka ziwa na za chakula cha mtu wa peke yake zinakufa zenyewe.

Jibu lake la kwanza kwa mtafutaji, lile alilolituma siku mbili baada ya ujumbe, tunaliandika hapa kwa sababu wamama wengi walituomba mfano:

"Jambo Papa, asante kwa kunikumbuka. Niko bado katika kontra mpaka tarehe 30 ya mwezi wa sita na nitaiheshimu mpaka mwisho. Naweza kuanza tarehe 1 ya mwezi wa saba. Nafasi hiyo inanivutia, lakini nataka kujua mambo matatu: mshahara mkononi ni ngapi, nyumba inatolewa na nani, na mtu wa mbele yangu aliondoka kwa sababu gani. Nitakutumia sivi mpya kesho jioni; ile ya zamani usiitumie. Tafadhali usitaje jina langu kwa mtu yeyote kabla sijakuandikia ndiyo, wala usipige simu ofisini."

Swali la tatu lina uzito kuliko linavyoonekana. Nafasi inayofaa kabisa, inayotafutiwa mtu kwa haraka, mara nyingi ina mtu aliyeikimbia. Jibu alilopewa lilikuwa kwamba komptabli wa zamani amehamia Kinshasa na familia yake. Aliuliza pia ofisi imekuwa na wakomptabli wangapi kwa miaka mitatu. Wawili. Angeambiwa watano, tungemwambia akae nyumbani.

Sivi mpya ilimchukua jioni moja. Mwanzoni alitaka kuongeza mstari mmoja tu, jina la mradi na mwaka. Tulimkatalia, kwa kuwa mtafutaji alikuwa anamjua yule wa mwaka jana, na nafasi ya Goma ni ngazi moja juu. Nini amefanya mwaka huu ambacho mwaka jana hakukijua? Alifikiri, akasema: tangu mabenki ya hapa mjini yafunge milango Februari 2025, mishahara na posho zote zinapita katika telefone, na ni yeye aliyepanga namna ya kulinganisha orodha ya waliolipwa na risiti za simu kila mwisho wa wiki, ili mtu asilipwe mara mbili wala asirukwe. Hakuona kwamba hiyo ni sifa; kwake ilikuwa taabu tu. Aliiandika kwa sentensi mbili. Katika mahojiano, kwa simu, Goma walimuuliza juu ya hiyo kwa nusu saa nzima, na ya diplome hawakugusa.

Kwa watu wa kumshuhudia alitoa majina ya mahali pa zamani, na kwa msimamizi wa sasa aliandika "baada ya kukubaliana". Mtafutaji mwenye adabu anajua maana yake: huyo atapigiwa mwishoni kabisa, kazi ikiwa imekwisha kutolewa kwa maandishi, na mama akiwa amemwarifu mwenyewe.

Kontra ya Goma ilisainiwa tarehe 11 ya mwezi wa sita, na kesho yake asubuhi alimwarifu msimamizi wake kwamba hatangoja tena kibali. Hakuwa na deni la kuaga, kontra ikiisha yenyewe, lakini alimpa zile wiki mbili na nusu za kukabidhi vitabu. Siku ya mwisho alidai vitu viwili. Cha kwanza ni hati ya mwisho wa kazi, ambayo mwajiri analazimika kuitoa ndani ya siku mbili za kazi: aina ya kazi, muda, tarehe ya kuanza na ya kuisha, namba ya CNSS, na hairuhusiwi kuongeza neno lingine lolote, zuri wala baya. Cha pili ni likizo. Kwa kila mwezi mzima alikuwa na haki ya angalau siku moja ya kazi, yaani 12 kwa mwaka, na alikuwa amechukua 7. Siku 5 zilizobaki alilipwa pamoja na mshahara wa mwezi wa sita, baada ya kuonyesha daftari lake mwenyewe, kwa kuwa katika dosye ya ofisi zilikuwa zimeandikwa 2.